Picha ya Ratiba Haina Tarehe

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. Picha moja ya WhatsApp, imepigwa upande upande mbele ya ubao wa matangazo wa shule, na chini yake maneno mawili: "Nifanyie kalenda." Anayetuma ni mzazi, shangazi au mlezi. Anayetumiwa ni yule kijana wa ukoo anayesifiwa kwamba anajua mambo ya kompyuta. Aliyetuma anaona kazi kubwa imeshakwisha, kwani ratiba si hiyo hapo? Kilichobaki ni kunakili.

Kumbe ratiba ya shule na kalenda ya simu zinafanana kwa mbali tu. Ratiba inasema Jumatatu, kipindi cha tatu, Hisabati, kisha inanyamaza. Inaweza kunyamaza kwa sababu wanaoisoma wako palepale shuleni: kengele wanaisikia, siku ya kufungua wanaijua, na Ijumaa wanajua watatoka mapema. Kalenda haijui lolote kati ya hayo. Inataka tarehe pamoja na mwaka, saa ya kuanza na ya kumaliza, namna kipindi kinavyojirudia, na siku marudio yatakapokoma. Sehemu kubwa ya mambo hayo haimo kwenye picha, na hata picha ingekuwa safi kiasi gani bado yasingekuwamo.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Nimeutunga kwa ajili ya makala haya, ila kasoro zake zote ni za kawaida. Ni ratiba ya Kidato cha Pili katika shule ya kutwa mkoani Morogoro. Siku zimepangwa kushoto, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na saa zimepangwa juu. Mwanafunzi anaishi na shangazi yake, na baba yake yuko kazini Maskati. Wote wawili wanataka kuona vipindi vya mtoto kwenye simu zao, kila mmoja kwenye yake.

Jambo la kwanza, kabla ya kuandika chochote, ni kujua saa zilizoandikwa ni za namna gani. Ratiba hii inaanza na "1:30 – 2:00 Usafi na paredi", kisha 2:00 – 2:40, 2:40 – 3:20, 3:20 – 4:00, 4:00 – 4:40. Baada ya hapo kuna mapumziko, halafu 5:10 – 5:50 na kuendelea hadi 7:50. Sisi tukiiona tunajua mara moja kwamba ni saa moja na nusu asubuhi. Simu haijui. Ukiandika 1:30 kama ilivyo, simu itaweka usafi na paredi usiku wa manane, saa saba na nusu. Ukiongeza alama ya mchana, itauweka saa saba na nusu mchana. Njia ni kuongeza saa sita kwa kila namba: 1:30 inakuwa 07:30, 2:00 inakuwa 08:00, na 7:50 inakuwa 13:50. Ukiandika kwa mtindo wa saa 24 unaondokana na mkanganyiko wa asubuhi na mchana moja kwa moja.

Lakini si kila ratiba ya Tanzania au Kenya imeandikwa hivi. Shule nyingi za sekondari, hasa ratiba inapoandikwa kwa Kiingereza, hutumia saa za Kizungu: 8:00, 8:40, 9:20. Kuna kipimo chepesi cha kuzitenganisha. Fuata namba za juu kutoka kushoto kwenda kulia. Kama zinapanda tu, kutoka 1:30 hadi 7:50, bila kurudi nyuma, hiyo ni saa ya Kiswahili. Kama zinapanda hadi 12 halafu ghafla inatokea 12:40, 1:20, 2:00, hiyo ni saa ya Kizungu, maana siku ya shule imevuka adhuhuri. Kipimo hiki hakihitaji kusoma hata neno moja la ratiba.

Ugumu unakuja saa zinapochanganyika kwenye karatasi moja. Kwenye mfano wetu, ratiba yenyewe imechapwa, lakini pembeni kulia mwalimu ameongeza kwa kalamu: "Remedial 2:30 – 4:00, J3 na J5." Ukiongeza saa sita hapa kama ulivyofanya kwingine, masomo ya ziada yataangukia 08:30 hadi 10:00, juu ya vipindi vya kwanza. Mwanafunzi hawezi kuwa darasa mbili kwa wakati mmoja. Mgongano huo ndio unaokuambia kwamba aliyeshika kalamu aliandika kwa saa za Kizungu: 14:30 hadi 16:00. Inaelekea kweli pia, kwa sababu vipindi vinaisha 13:50, na dakika 40 zinazobaki zinatosha kula. Hata hivyo hilo ni jambo linaloelekea kuwa kweli, halijathibitika. Liweke kwenye orodha ya maswali.

Sasa tuje kwenye namba zisizosomeka. Mwanga wa dirisha umepiga kwenye nailoni iliyofunika ratiba, na safu ya baada ya mapumziko inaonekana "5:_0 – 5:50". Pengine pia mkunjo wa karatasi umefanya 3:20 ionekane 8:20. Watu wengi hapa huvuta picha kwa vidole viwili na kukaza macho. Afadhali kufanya hesabu. Vipindi vyote vinavyosomeka ni vya dakika 40, kwa hiyo kipindi kinachoisha 5:50 kimeanza 5:10. Kutoka 4:40 hadi 5:10 ni nusu saa, urefu wa kawaida wa mapumziko ya chai. Kisha hesabu ratiba nzima: vipindi vinne vya dakika 40 ni dakika 160, ongeza mapumziko 30, ongeza vipindi vingine vinne, 160. Jumla ni dakika 350, yaani saa tano na dakika hamsini. Ukizianza saa 2:00 unafika 7:50, na ratiba inasema 7:50. Hesabu imefunga. Isingefunga, ungejua kuna namba uliyoisoma vibaya, na ungeitafuta bila kuisumbua familia nzima.

Kama picha ni mbovu kiasi kwamba hesabu haina pa kuanzia, omba itumwe tena, lakini itumwe kama dokumenti, si kama picha. WhatsApp hubana picha za kawaida ili ziende haraka, na wino mwembamba wa penseli ndio wa kwanza kupotea. Faili lililotumwa kama dokumenti hufika lilivyo.

Hesabu hiyo ina mpaka wake, na mpaka wenyewe ni Ijumaa. Chini kabisa ya ratiba kuna maandishi madogo: "IJ: vipindi dk 35, mwisho saa 6:35." Shule nyingi hufupisha Ijumaa ili wanafunzi Waislamu wawahi sala. Kwa siku hiyo saa zilizoandikwa juu ya safu si za kweli tena, ingawa masomo ya Ijumaa yamepangwa chini ya safu zilezile. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu jicho linafuata safu kutoka juu hadi chini bila kufikiri. Ukiangalia vizuri, Ijumaa ina masomo saba, na kisanduku cha nane kina mstari tu. Piga hesabu upya: vipindi vinne vya dakika 35 kuanzia 2:00 vinaishia 4:20. Mapumziko ya nusu saa yanakufikisha 4:50. Vipindi vitatu vilivyobaki ni dakika 105, na vinakufikisha 6:35. Imekubaliana na maandishi ya chini, kwa hiyo sasa unajua mambo mawili ambayo hayakuandikwa popote: kwamba mapumziko ya Ijumaa hayakufupishwa, na kwamba kipindi cha tano siku hiyo kinaanza 4:50, yaani 10:50 kwenye simu, si 11:10.

Kisanduku kinachochukua safu mbili, ambacho wanafunzi hukiita dabo, kiandike kama tukio moja. Jumanne kuna Jiografia kutoka 6:30 hadi 7:50. Liwe tukio moja la dakika 80, vinginevyo simu italia katikati ya somo.

Halafu kuna mkwaju. Jumatano, safu ya saba na ya nane, pameandikwa "BIO/KEM (V)". Herufi hiyo kwenye mabano ni ya vitendo, yaani maabara. Lakini mkwaju unaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa. Huenda darasa limegawanywa, nusu wanaingia Biolojia na nusu Kemia kwa wakati mmoja. Huenda darasa zima linapokezana, wiki hii Biolojia, wiki ijayo Kemia, kwa sababu maabara ni moja na vifaa havitoshi. Hakuna hesabu wala kukaza macho kutakakokuambia ni ipi. Mwenye jibu ni mtu wa shuleni.

Na tarehe je? Kichwa cha ratiba kinasema "Muhula wa II" tu. Hakuna mwaka. Tarehe ya ujumbe haisaidii, maana picha huzunguka kwenye makundi ya wazazi na inaweza kuwa ya mwaka jana. Kwa hiyo huu ndio wakati wa kurudi kwa shangazi. Nashauri maswali yote yaende kwa ujumbe mmoja, na kila swali libebe jibu unalolidhania, ili yeye akubali au arekebishe tu. Ukimwuliza "Hiyo remedial ni saa ngapi?" atakujibu "Kama ilivyoandikwa." Ukimwandikia hivi, utapata kitu:

"Shikamoo shangazi. Ratiba nimeiona, naomba unisaidie machache. Hii ni ya muhula huu wa 2026? Shule inafungua Jumatatu tarehe 6 Julai? Masomo ya ziada ya Jumatatu na Jumatano yanaanza saa nane na nusu mchana, au ni asubuhi? Pale Jumatano penye BIO/KEM, wanapokezana kila wiki, na kama ndivyo wiki ya kwanza ni somo gani? Likizo fupi ni lini? Na vipindi vinakoma lini kabla ya mtihani?"

Tuseme majibu yanarudi kesho yake, baada ya shangazi kumpigia mwalimu wa taaluma: "Marahaba mwanangu. Ndiyo, ya mwaka huu, wanafungua tarehe 6. Remedial ni mchana. Maabara wanapokezana, wanaanza na Biolojia. Wanafunga Ijumaa tarehe 4 Septemba, wanarudi Jumatatu tarehe 14. Masomo mwisho tarehe 30 Oktoba."

Jibu la mwisho lina thamani kuliko linavyoonekana. Shule za Tanzania huendelea hadi Desemba hivi, na mpangaji asiyeuliza angeacha vipindi viendelee hadi hapo. Lakini Kidato cha Pili wana Upimaji wa Kitaifa wa Baraza la Mitihani, ambao hufanyika karibu Novemba. Baada ya hapo ratiba ya vipindi haina kazi kwao.

Sasa kalenda ina pa kushika. Kuna mtego mdogo kwenye tarehe ya kuanzia. Shule inafungua Jumatatu tarehe 6 Julai, na ni rahisi kuvipa vipindi vyote tarehe hiyo kisha kuiambia simu irudie kila Jumanne, kila Jumatano na kadhalika. Matokeo yake programu nyingi huweka kipindi cha Jumanne siku ya Jumatatu pia, kwa vile tarehe ya mwanzo nayo huhesabiwa kama tukio. Kila somo lianze kwenye siku yake halisi. Na Jumanne ya kwanza, tarehe 7 Julai, ni Saba Saba, sikukuu ya taifa, hivyo vipindi vya Jumanne vianze tarehe 14. Nane Nane mwaka 2026 inaangukia Jumamosi na haigusi kitu. Maulid inatarajiwa karibu tarehe 25 au 26 Agosti, kutegemea mwandamo, kwa hiyo usiifute siku yoyote mapema. Andika tu alama siku hizo mbili na urekebishe itakapotangazwa.

Kinachohitaji akili zaidi ni zile wiki za maabara. Karibu kila kalenda ina uwezo wa kurudia tukio kila baada ya wiki mbili, na wengi huishia hapo: Biolojia kuanzia Jumatano tarehe 8 Julai, Kemia kuanzia tarehe 15, kila moja kwa wiki mbili mbili. Kwa miezi miwili ya kwanza inakwenda vizuri. Biolojia inaangukia 8 na 22 Julai, 5 na 19 Agosti, na 2 Septemba. Kisha inakuja likizo ya wiki moja. Kalenda haijui likizo. Inahesabu wiki za dunia, na tarehe 16 Septemba inaleta Biolojia tena. Shule inahesabu wiki za masomo. Mara ya mwisho kabla ya likizo ilikuwa Biolojia, kwa hiyo wakirudi ni zamu ya Kemia. Kuanzia siku hiyo kalenda inakuwa imepinduka mpaka mwisho wa muhula: kila Jumatano mtoto anabeba daftari lisilo lake. Na hakuna dalili yoyote kwenye skrini, kwa sababu kila kitu kimepangika vizuri. Likizo ikiwa ya wiki mbili tatizo halitokei. Wiki moja au tatu, linatokea.

Dawa ni kukata mnyororo mahali pa likizo na kuanza mwingine. Mnyororo wa kwanza wa Biolojia, ukiandikwa kwa lugha inayosomwa na kalenda karibu zote, yaani mafaili yanayoishia na `.ics`, unakuwa hivi:

```
BEGIN:VEVENT
UID:bio-maabara-1@ratiba
DTSTAMP:20260704T060000Z
SUMMARY:Biolojia (maabara)
DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20260708T123000
DTEND;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20260708T135000
RRULE:FREQ=WEEKLY;INTERVAL=2;BYDAY=WE;UNTIL=20260904T205959Z
END:VEVENT
```

Mstari wa `RRULE` ndio unaosema kila wiki ya pili, siku ya Jumatano, hadi shule inapofunga. Saa ya `UNTIL` imeandikwa kwa saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, ndiyo maana usiku wa tarehe 4 unaishia 20:59. Maneno `Africa/Dar_es_Salaam` yapo kwa ajili ya baba aliye Maskati. Oman iko mbele ya Tanzania kwa saa moja, na kwa mstari huo simu yake itamwonyesha maabara ikianza 13:30 ya kwake, ambayo ni wakati uleule. Bila huo angeona 12:30, akadhani mwanawe yuko maabara kumbe bado yuko kwenye vipindi vilivyotangulia.

Mnyororo wa pili unaanza na Kemia tarehe 16 Septemba na Biolojia tarehe 23, yote hadi 30 Oktoba. Kemia inaangukia 16 na 30 Septemba, kisha 14 Oktoba, ambayo ni Siku ya Nyerere. Ifute siku hiyo. Lakini hapo swali linafufuka: zamu ya Kemia iliyopotea inapotea moja kwa moja, au inasogea tarehe 21 na kupindua zilizobaki? Kila shule ina desturi yake, na pengine hata mwalimu wa taaluma hajaamua mwezi Julai. Naona ni bora kuacha maabara za tarehe 21 na 28 Oktoba zikiwa na jina "Maabara (hakikisha somo)" kuliko kujifanya unajua. Maandishi ya penseli yaliyofutika yana heshima moja: msomaji anaona kuwa yana shaka. Ukikisia na kuyaingiza kwenye kalenda, yanatokea kwa rangi na saa kamili, na hakuna atakayejua kuwa yalikuwa makisio. Usipoandika shaka hiyo kwenye jina la tukio, imepotea.

Kwa asiyetaka kuandika mafaili, kazi yote hii inafanyika kwa mkono kwenye simu, ikiwa na subira. Anayetumia jedwali la CSV kuingiza kwenye Google ajue kwamba halibebi marudio. Kila siku ya kila kipindi inataka mstari wake, na tarehe inaandikwa mwezi kwanza, 07/08/2026 ikiwa na maana ya 8 Julai. Faili la `.ics` au la CSV huingizwa kwa kompyuta, kwenye `Settings` halafu `Import & export`. Programu ya simu haina sehemu hiyo.

Kwa vyovyote, tengeneza kwanza kalenda mpya tupu, iite "Shule Muhula II", na uingize humo, usiingize kwenye kalenda ya shangazi yenye vikoba na miadi ya kliniki. Kabla ya kuwashirikisha wengine, fungua siku nne tu uzilinganishe na picha: Jumatatu moja, Ijumaa moja, na Jumatano mbili zinazozunguka likizo, 2 na 16 Septemba. Kosa la saa litaonekana Jumatatu, la dakika 35 litaonekana Ijumaa, na la zamu litaonekana kwenye Jumatano hizo.

Ratiba ya wiki za kwanza mara nyingi ni ya muda. Mwalimu anahamishwa, mwingine anaripoti, na kufikia mwisho wa Julai inabandikwa nyingine na picha mpya inakuja na maneno yaleyale mawili. Ndipo utakapofurahia kwamba vipindi vyote viko kwenye kalenda yao peke yao: unaifuta nzima kwa mara moja, unaanza na saa zilezile ulizokwisha kuzihakiki, na swali pekee la kumwuliza shangazi ni mpya imeanza kutumika tarehe ngapi.